Kugandisha tishu ya ovari mgonjwa akiwa bado mezani: hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na kijana wetu mpya wa maabara baada ya slaidi zake tatu kutoka zimejaa matundu. Nimeona niandike tuliyoyafanya, maana kosa lile lilinitesa hata mimi. Maabara kazi hii tunaiita frozeni: daktari wa upasuaji anatoa uvimbe, analeta mbichi, sisi tunagandisha kipande, tunakata, tunapaka rangi na kumjibu ndani ya dakika 20 hivi, tumbo likiwa bado wazi.

Nitafuata mgonjwa mmoja. Mama wa miaka 31, mtoto mmoja, anataka wengine. Ovari ya kushoto ina uvimbe wa sentimita 18, ya kulia inaonekana nzima.

Hatua ya 1: Pata swali kabla ya kisu

Mpigie daktari wa upasuaji asubuhi, umuulize atafanya nini kwa kila jibu. Kwa mama huyu alinieleza hivi: ikiwa si saratani, anatoa ovari ya kushoto tu na kufunga. Ikiwa ya mpakani, yaani seli zimeanza kuharibika lakini hazijavamia, anabakiza kizazi na ovari ya kulia, ila anachukua maji ya kusuuza tumbo, sampuli za utando wa tumbo na za lile shuka la mafuta linalofunika utumbo, na anakagua kidole tumbo. Ikiwa saratani iliyovamia, upasuaji unapanuka: anapima ueneaji wote, na suala la kizazi linategemea alichokubaliana na mgonjwa kabla ya kulala.

Daktari akikwambia atafanya kitu kilekile kwa jibu lolote, usigandishe. Unapoteza tishu bure.

Muulize pia kuhusu kifua kikuu. Kugandisha hakuui vimelea, na kraiostati, ile mashine ya baridi tunayokatia tishu iliyoganda, ikishachafuka inabidi isimame isafishwe. Panapo shaka hiyo mimi sikati. Nasoma slaidi ya kugusa tu, nitaieleza kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 2: Washa kraiostati jana yake

Inachukua saa kadhaa kufika nyuzi 20 chini ya sifuri. Kama umeme wenu hukatika, usiizime kabisa.

Hatua ya 3: Chagua kipande

Uvimbe uje mkavu, bila formalini, na usielee kwenye maji ya chumvi. Kagua ganda la nje kama limepasuka, halafu pasua. Wa mama huyu ulikuwa na vifuko vingi vyenye ute mzito, na upande mmoja palikuwa na eneo gumu la kijivu, kama sentimita 2. Nilichukua hapo, na kipande cha pili kwenye ukuta wenye vinundu. Usichukue ukuta mwembamba unaong'aa kwa sababu tu unakatika vizuri. Ubaya haukai hapo. Vipande viwe vyembamba, milimita 3, visivyozidi sentimita moja na nusu kwa upana.

Kabla ya kugandisha, gusisha sehemu mbichi kwenye slaidi kavu na uizamishe papo hapo kwenye alkoholi. Hii ndiyo slaidi ya kugusa. Ifanye kila mara, utaona sababu yake.

Hatua ya 4: Gandisha haraka

Hapa ndipo palipomshinda kijana, na ndipo paliponigharimu.

Tishu ina maji. Ukiigandisha polepole, maji yanapata muda wa kujikusanya na kuwa chembe kubwa za barafu, nazo zinatoboa seli. Ikigandishwa kwa kasi, chembe zinabaki ndogo mno kuleta madhara. Miaka ya nyuma, mahali nilipokuwa nafanya kazi, nilipokea ovari iliyofungwa kwenye shashi inayochuruzika maji ya chumvi. Sikuikausha. Niliipaka OCT, jeli inayoganda na kushikilia tishu wakati wa kukata, nikaiweka kwenye rafu ya kraiostati isubiri. Slaidi ilitoka na seli zenye tundu jeupe katikati, kiini kimesukumwa pembeni kama jiwe la pete. Zile ni seli unazoziogopa, maana saratani ya tumbo iliyohamia kwenye ovari huonekana hivyohivyo. Niliyeyusha, nikagandisha tena, ikawa mbaya zaidi. Mwisho nilisema siwezi kujibu. Tumbo likafungwa, jibu la kudumu likatoka saratani ya ovari yenyewe, na mama yule akarudi mezani mara ya pili.

Kwa hiyo: kausha kipande kwa karatasi ya kichujio, kwa kugusa, bila kusugua. Weka jeli kiasi cha kukifunika tu. Mimi napendelea isopenteni iliyopozwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Subiri ianze kuwa nyeupe chini ya kikombe, kisha zamisha kishikizi chenye kipande sekunde 15 hadi 20. Isopenteni inashika moto upesi sana, kwa hiyo pasiwe na moto karibu. Usitumbukize tishu moja kwa moja kwenye naitrojeni: inachemka, mvuke unaizunguka tishu kama blanketi, kasi inapungua, na kipande kinapasuka. Huna naitrojeni? Tumia kile kipande kizito cha chuma kilichokaa ndani ya kraiostati usiku kucha, ukikandamize juu ya tishu. Dawa ya kupuliza ya kugandishia siikubali kabisa, inarusha tishu hewani.

Utajuaje kwamba tundu ni barafu na si ugonjwa? Tundu la barafu ni tupu, lina kingo kali, na liko hata kwenye nyama iliyo kati ya tezi na ndani ya viini, mahali ambapo ute hauna kazi. Pia huwa mengi katikati ya kipande kuliko pembeni, kwa kuwa pembeni huganda kwanza. Sasa tazama slaidi ya kugusa: haijawahi kuganda. Kama seli za pete hazimo humo, anza kuishuku barafu. Na usiyeyushe kipande kile. Rudi kwenye uvimbe ukate kipya.

Hatua ya 5: Kata na paka rangi

Unene mikromita 5. Kipande kikivunjika kama kioo kina baridi mno, kiguse kwa kidole cha glavu kwa sekunde chache. Kikijikunja na kunata kwenye wembe, bado hakijapoa. Slaidi iingie kwenye alkoholi mara moja, kisha hematoksilini na eosini.

Hatua ya 6: Jibu

Vipande vyote viwili vilionyesha tezi zenye seli zilizopangana tabaka mbili tatu, viini vimekua kiasi, hakuna uvamizi. Nilipiga simu thieta mwenyewe.

"Daktari, uvimbe wa ute, angalau wa mpakani. Sioni uvamizi kwenye vipande viwili nilivyokata."

"Angalau wa mpakani, hakuna uvamizi kwenye vipande viwili," akarudia. "Nabakiza kizazi."

Hilo neno angalau usiliache. Uvimbe wa ute hubadilika kutoka kona moja hadi nyingine, na vipande viwili vya sentimita 18 ni sehemu ndogo mno. Mwache arudie jibu lako neno kwa neno, kisha andika saa.

Alitoa ovari ya kushoto, akachukua sampuli alizosema, akakuta kidole tumbo kizima, akafunga.

Hatua ya 7: Mabaki

Kipande kilichogandishwa kiyeyushe, ukiweke kwenye formalini kwa jina lake pekee, ili ukilinganishe na ulichosema. Uvimbe uliobaki ukate kwa wingi, angalau kipande kimoja kwa kila sentimita. Kwa mama huyu tulikata 22. Vyote vilibaki vya mpakani.