Kupiga mlango wa nakshi kwa simu bila mbao kutoka kama zimepakwa rangi

Piga mlango wa nakshi kichochoroni Mji Mkongwe, jioni, kisha ikuze picha. Pale fremu nyeusi inapokutana na ukuta wa chokaa utaona uzi mweupe ambao ukutani haupo. Ndani ya nakshi, nyuzi za mbao zimevurugika kama zilizopitishwa brashi.

Ni makosa mawili yanayofuatana. Mwanga ukiwa mdogo simu hupandisha ISO, yaani huikuza ishara ya mwanga, na chenga, vile vidoadoa vya picha, huzidi. Simu huzifuta kwa kulainisha, na nyuzi za mbao hufutika nazo, maana haiwezi kuzitofautisha na chenga. Halafu, ili picha ionekane kali, huzinoa kingo: upande mweusi hutiwa weusi zaidi na mweupe weupe zaidi. Ndio ule uzi. Kwa hiyo ni lazima uichukue picha kabla simu haijaipika.

1. Kupiga. Futa lenzi kwanza, hasa ukitoka pwani, kwani utando wa chumvi hufifisha picha na kukushawishi uinoe. Baki 1x, usogee kwa miguu. Fungua kamera iliyomo ndani ya app ya Lightroom na uchague DNG, faili ghafi ambayo simu haijailainisha wala kuinoa, badala ya JPG. Iegemeze simu kwenye baraza la upande wa pili. Mlango hautembei, hivyo kasi ya 1/30 inatosha, na ISO inaweza kubaki chini ya 400.

2. Kunoa. Fungua picha ndani ya Lightroom, kisha paneli ya Detail. DNG kwa kawaida huanza na Sharpening 40, ambayo kwa kihisio kidogo cha simu naiona nyingi. Anza na hivi:

```
Sharpening 20
Radius 0.7
Detail 10
Masking 60
Noise Reduction 10
```

Radius ndiyo unene wa ule uzi, ikipita 1.0 huanza kuonekana. Masking huzuia ukuta mtupu usinolewe, ikabakisha kingo za nakshi na misumari ya shaba. Noise Reduction usiipandishe kwa kuogopa chenga. Chenga chache juu ya mbao macho huzipokea kama mbao, lakini ulaini wa plastiki hayaupokei.

3. Kukagua. Kuza hadi 100% na utazame sehemu mbili tu: ukingo wa fremu na kichwa cha msumari. Msumari ukiwa na duara jeupe pembeni, shusha Sharpening hadi 12.

4. Kutoa. Zima Output Sharpening, la sivyo picha itanolewa mara ya pili. Kwa WhatsApp itume kama Document.

Ukiwa na JPG peke yake, weka Texture -15, kisha punguza upana kutoka pikseli 4000 hadi 2000. Uzi wa pikseli 4 utabaki kama 2, haupotei. Nyuzi za mbao zilizofutwa hazirudi. Grain 12, yaani chenga za kuongezwa, husaidia tu kuficha ule ulaini.