Mimba ikipita tarehe: ya kujua kabla ya kuanzishiwa uchungu

Kabla hujaanza kuhofia siku zilizopita, hakikisha kwanza tarehe yenyewe ni sahihi. Ile iliyoandikwa kwenye kitabu chako cha kliniki ni wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, si siku uliyoshika mimba. Tuseme mama wa Likoni alianza hedhi Januari 5. Tarehe yake ni Oktoba 12, na Oktoba 19 atakuwa ametimiza wiki 41. Lakini alipigwa skani akiwa na mimba ya kama wiki 10, ikasema atajifungua Oktoba 22. Skani ya mapema namna hiyo ikipishana na hedhi kwa zaidi ya wiki, hufuatwa skani. Kwa hiyo Oktoba 19 mama huyu hajapitisha hata siku moja, na wiki 41 zake ni Oktoba 29. Skani ya miezi ya mwisho haifai kubadilishia tarehe, kwani yaweza kukosea kwa wiki mbili hata tatu. Basi lile karatasi la skani ya kwanza, hata kama limechakaa, nenda nalo.

Ikiwa tarehe ni ya kweli, hospitali nyingi hukuita karibu na wiki 41. Shirika la Afya Duniani pia linapendekeza uchungu uanzishwe ukishatimiza wiki hizo. Sababu ni kondo la nyuma: kwa baadhi ya wanawake huanza kuchoka, maji ya mtoto yakapungua, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda kidogo kidogo kadiri wiki zinavyosonga. Wengi hujifungua salama, ila hakuna kipimo cha kukuambia wewe uko upande gani.

Ukisubiri, kwa kawaida utapimwa mara mbili kwa wiki. Utafungwa mikanda miwili tumboni, mmoja usikilize moyo wa mtoto, mwingine ushike mikazo ya tumbo, ulale hapo kama nusu saa. Kisha skani ya maji, ambapo hutafutwa sehemu yenye maji mengi. Kina chake kikiwa chini ya sentimita 2, mara nyingi hutaruhusiwa kurudi nyumbani. Majibu mazuri ni ya siku hiyo tu, hayakupi dhamana ya wiki nzima. Mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo, hata kama jana ulipimwa ukaambiwa uko sawa. Wala usikubali maneno kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa.

Kuanzishiwa uchungu si sindano moja. Daktari au mkunga hupima kwanza kwa vidole kama mlango wa kizazi umelainika, umefupika na kufunguka, na kichwa kimeshuka kiasi gani. Ukiwa bado mgumu, hulainishwa kwanza. Huweza kutumika mpira mwembamba wenye puto linalojazwa maji ndani ya mlango huo, au dawa ya misoprostoli kwa dozi ya maikrogramu 25 inayorudiwa kila baada ya saa kadhaa. Kidonge cha kawaida kina maikrogramu 200, yaani dozi nane. Ndiyo maana kukinunua duka la dawa na kukimeza nyumbani ni kuchezea maisha: tumbo laweza kukaza bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, au kizazi kikapasuka. Uliyewahi kujifungua kwa upasuaji, sema mapema, kwa sababu dawa hiyo haikufai. Na mafuta ya mbarika ya mavyaa, mshukuru, uyaweke kando, yaweza kukuharisha.

Mlango ukishalainika, hupasuliwa chupa na kuwekwa dripu ya oksitosini, inayoongezwa pole pole. Mikazo ikizidi mitano kwa dakika kumi, dripu hupunguzwa au kufungwa, kwa hiyo usione haya kumwita nesi ukiona haikupi nafasi ya kuvuta pumzi.

Kuanzia mpira hadi mtoto huweza kupita siku moja, hata mbili, hasa kwa mimba ya kwanza. Beba nguo za siku tatu, na anayekusindikiza ajue hivyo ili asianze kupiga simu za hofu saa sita usiku. Ukitoka Likoni, panga kuvuka asubuhi, feri isije ikakuchelewesha, na hakikisha bima yako ya SHA iko hai kabla ya siku hiyo. Uliza pia kama hospitali hiyo hufanya upasuaji usiku, maana safari nyingine huishia huko. Na ukiamua kungoja, usitoke kabla hujaandikiwa kitabuni siku ya kupimwa tena.