Chupa moja si mwezi mmoja: hesabu ya gharama za sukari kwa anayejidunga insulini

Somo hili ni la mtu anayejidunga insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 ya chupa, asubuhi na jioni, na kliniki yake iko ng'ambo ya feri. Anayetumia vidonge peke yake na aanzie hatua ya 2. Bei zote humu ni za mfano tu: zitoe, uweke zilizo kwenye risiti zako.

Mgonjwa wetu wa mfano ni mama anayekaa Likoni. Ameandikiwa uniti 24 asubuhi na 16 jioni, pamoja na metformini ya miligramu 500, vidonge viwili asubuhi na viwili usiku. Ukimuuliza mwezi unamtoka ngapi, atataja chupa ya insulini shilingi 700, vidonge 600 na nauli 180. Jumla 1,480. Hesabu hiyo ndiyo inayomwangusha kila ikifika tarehe 25.

Hatua ya 1: Hesabu uniti, usihesabu chupa

Chupa ya kawaida ina mililita 10, na kila mililita ina uniti 100. Kwa hiyo chupa nzima ni uniti 1,000. Mama huyu anatumia 40 kwa siku. Gawanya 1,000 kwa 40, unapata siku 25. Mwezi una siku 30, na yeye kliniki anaandikiwa chupa moja.

Zile siku tano ndizo zenye balaa. Hakuna anayemwambia mwenzake kwamba dawa imeisha; anapunguza kimyakimya, 24 inakuwa 18, 16 inakuwa 10, ili chupa ifike siku ya kliniki. Ukifungua daftari lake utaiona wazi: wiki tatu za kwanza sukari ya asubuhi ni 7 au 8, kisha kuanzia tarehe 20 na kitu namba zinapanda hadi 13 na 14. Daktari akiona zile za mwisho bila kujua kilichotokea, anaongeza dozi. Dozi ikiongezwa, chupa inaisha mapema zaidi.

Dawa ya jambo hili ni kumwambia anayekuandikia: "Natumia uniti 40 kwa siku, kwa siku 30 ni uniti 1,200." Aandike kwa hesabu hiyo. Mama huyu anahitaji chupa 6 kwa kila miezi 5. Kwa mwezi mmoja, gharama ni 700 mara 1.2, yaani shilingi 840.

Wenye dozi ndogo wana shida ya kinyume. Anayetumia uniti 20 kwa siku, chupa yake ingeweza kwenda siku 50, lakini kliniki nyingi husema chupa ikishafunguliwa itupwe baada ya wiki 4. Huyo ahesabu chupa 13 kwa mwaka, hata kama kila moja inabaki nusu. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe kwa kalamu isiyofutika.

Sindano za kujidungia, mbili kwa siku, ni 60 kwa mwezi. Kwa shilingi 15 moja, ni 900. Watu wengi huisahau hesabu hii, na ni kubwa kuliko insulini yenyewe! Angalia zimeandikwa U-100, zilingane na chupa.

Hatua ya 2: Vidonge

Vinne kwa siku, 120 kwa mwezi, shilingi 5 kimoja: 600. Hapa hakuna la kuficha.

Hatua ya 3: Stripu, ukizipangia siku zake

Wengi hupima siku wanayojisikia vibaya, kisha wiki mbili wasipime. Stripu zinakwenda na hakuna walichojua. Kwa insulini hii ya mara mbili, vipimo viwili ndivyo vinavyosema kitu: cha asubuhi kabla ya kula kinakuonyesha kama dozi ya jioni inatosha, na cha kabla ya chakula cha usiku kinakuonyesha dozi ya asubuhi. Kliniki ikikubali, chagua siku tatu kwa wiki na upime mara zote mbili. Hizo ni 6 kwa wiki, kama 26 kwa mwezi. Ongeza 4 za siku ya kutetemeka na kutoka jasho, na 2 za kuharibika, kwa sababu tone likiwa dogo mashine inakataa na stripu imekwenda. Jumla 32.

Kopo la stripu 50 likiwa shilingi 1,500, moja ni 30, na mwezi ni 960. Sindano za kutobolea kidole, 32 kwa shilingi 5, ni 160.

Joto la jasho la Mombasa ni adui wa stripu. Kifuniko cha kopo kina kitu kinachonyonya unyevu. Kopo likiachwa wazi, stripu zinakula unyevu wa hewa na zinakupa namba ya uongo. Toa moja, funga papo hapo, halafu ndiyo utoboe kidole. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kwanza: ukiwa umetoka kumenya embe, sukari iliyobaki kidoleni itasomwa kama ya damu.

Hatua ya 4: Nauli, na safari ya pili

Kuvuka feri kwa miguu ni bure. Matatu hadi feri tuseme 50, na upande wa kisiwani 40. Kwenda na kurudi 180. Lakini andika 360, kwa sababu mwezi hauishi bila safari ya pili: dawa haikuwepo, majibu hayakuwa tayari, au mtu wa kumsindikiza alihitajika. Ikikosekana safari hiyo, pesa inangojea mwezi ujao.

Siku ya kutolewa damu kabla ya kula, usijidunge nyumbani halafu upande gari na tumbo tupu. Foleni ya feri ikishikana, sukari itashuka ukiwa katikati ya umati. Uliza kliniki mapema upange vipi. Kwa kawaida insulini na chakula hubebwa kwenye mkoba, damu ikishatolewa unajidunga na kula hapo hapo. Chakula cha kutoka nyumbani pia kinakuokolea pesa ya mkahawa. Sukari au glukosi isikosekane mkobani.

Hatua ya 5: Yasiyo ya kila mwezi

HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, hupimwa kila miezi mitatu sukari ikiwa haijatulia. Ikiwa ni 1,500, weka kando 500 kila mwezi. Figo, macho na miguu huangaliwa kila mwaka. Kwa 3,600, ni 300 kwa mwezi. Bima ya afya ya SHA kwa asiye na ajira rasmi huanzia 300 kwa mwezi, ila hulipwa ya mwaka mzima, kwa hiyo nayo iweke kando. Kujiandikisha ni kwa kupiga *147#.

Sasa jumlisha: insulini 840, sindano 900, vidonge 600, stripu 960, za kutobolea 160, nauli 360, HbA1c 500, vipimo vya mwaka 300, SHA 300. Ni 4,920, yaani 164 kwa siku. Kituo kikikupa kitu bila malipo, futa mstari wake mwezi huo tu. Ile pesa usiile: ndiyo itakayonunua dawa siku utakayoambiwa hakuna.

Maswali ya wanachama

Mama wa Kisauni: Mwalimu, kuna duka la dawa linatoa mashine bure ukinunua kopo mbili. Nichukue?

Jibu: Dada yangu, uliza kwanza bei ya kopo la tatu. Stripu za mashine moja haziingii nyingine, ukishaichukua umefungwa nayo. Zikiwa 45 moja, mara 32 ni 1,440 kwa mwezi, dhidi ya 960. Kwa mwaka umelipa 5,760 zaidi. Pia uliza maduka mawili mengine ya mtaani kama wanaziuza. Ukizipata kwa mmoja tu, siku akiishiwa utapanda gari kuzifuata.

Kijana wa Changamwe: Sisi majirani wawili tunanunua kopo moja na kugawana, zangu nazifunga kwenye karatasi ya nailoni. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Nje ya kopo lake zinaingiwa na unyevu hata ndani ya nailoni. Kopo libaki kwa mmoja, mwingine aje kupimia hapo na mashine yake, kila mtu na sindano yake. Chombo cha kutobolea pia msichangie.

Bi Mwanahawa wa Mtongwe: Hatuna friji. Mwezi wa kaskazi nyumba inawaka moto. Insulini itakaa wapi?

Jibu: Bi, chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga uliolowa. Chupa iingie kwenye kikopo kikavu, ndani ya chungu kidogo, kifunikwe kitambaa chenye maji, na vyote vikae kivulini penye upepo. Pwani kuna unyevu, kwa hiyo hakipoi kama cha bara, lakini ni afadhali kuliko kabatini. Chupa ambazo hazijafunguliwa ziombee friji ya mtu unayemwamini, mbali na sehemu ya barafu, ikiganda, imekufa. Kabla ya kuvuta dawa, viringisha chupa taratibu kati ya viganja, usiitikise. Ikiwa nyeupe sawasawa ni nzima. Ukiona mabonge, au chembe zimeganda ubavuni, usiitumie.

Abu wa Majengo: Assalaam alaykum. Hii 32 inatosha Ramadhani?

Jibu: Waalaykum salaam. Haitoshi. Kwanza, anayejidunga mara mbili aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi. Wapo watakaoambiwa wasifunge, na dozi ya daku na ya futari si ile ile ya siku zote. Ukiruhusiwa, tuseme unapima mara 4 kwa siku: ni stripu 120, shilingi 3,600 badala ya 960. Tofauti ni 2,640. Anza kuweka 660 kila mwezi miezi minne kabla. Kutoboa kidole hakufunguzi, wanazuoni wengi wamelisema hilo, kwa hiyo usiogope kupima mchana. Ukiona chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mmol/L, fungua hapo hapo, hata ikibaki nusu saa adhana ilie.

Mama wa Kisauni: Na mwezi ambao pesa haitoshi kabisa, nipunguze wapi?

Jibu: Anza na stripu: siku mbili kwa wiki badala ya tatu zinakuokolea kama 9, shilingi 270. HbA1c inaweza kusogea mwezi mmoja. Metformini iulizie kituo cha afya kilicho karibu nawe badala ya kuvuka. Insulini usiiguse. Ukiona itaisha kabla ya tarehe, nenda kliniki siku tatu mapema na daftari na chupa mkononi, uwaonyeshe imebaki kiasi gani.