Jinsi ya kujitoa kwenye mkataba wa fremu Uingereza bila kuendelea kudaiwa kodi

Mkataba wangu wa fremu hapa Leicester ulikuwa wa miaka 10, kuanzia tarehe 1 Agosti 2019. Kifungu cha kujitoa kilinipa nafasi moja tu, tarehe 31 Julai 2024, kwa notisi ya miezi 6. Notisi niliitoa mapema, vitu nikahamisha, funguo nikakabidhi. Wiki moja baadaye wakili wa mwenye jengo akaniandikia kwamba mkataba bado uko hai na kodi ya miaka 5 iliyobaki ni juu yangu.

Anza na notisi. Iandikwe kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Kama mpangaji ni kampuni yako, usiitoe kwa jina lako binafsi, na kama mlipanga wawili, wote mtie saini. Hakikisha pia mwenye jengo wa sasa ni nani kwa kutazama rekodi za usajili wa ardhi, kwa sababu jengo huweza kuuzwa bila wewe kujua. Ipeleke kwa njia na anwani zilizotajwa kwenye mkataba. Baruapepe haitoshi kama mkataba haukuitaja. Muda wa notisi nao uhesabiwe kuanzia siku inapomfikia mwenye jengo, maana mahakama za Uingereza hazikuongezei hata siku moja.

Sasa malipo, ambapo mimi nilianguka. Kifungu changu kilisema kujitoa kutafaa tu iwapo kodi yote iliyofika muda wake itakuwa imelipwa. Kodi ilikuwa pauni 24,000 kwa mwaka, inayolipwa mapema kila robo mwaka, yaani pauni 6,000 kila tarehe 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba. Tarehe 24 Juni nilijua nimebakiza siku 38, nikapiga hesabu ya siku hizo, nikatuma kama pauni 2,500. Kumbe siku ile deni lililoiva lilikuwa pauni 6,000 kamili, hata kama robo yenyewe ingepita tarehe yangu ya kuondoka. Mwenye jengo alipokea bila kusema neno, na sheria haimlazimishi kukuonya. Tarehe 31 Julai ikapita, na nafasi yangu ikapita nayo.

Kwa hiyo lipa robo nzima, pamoja na gharama za huduma na bima ukiwa umedaiwa, kisha udai marejesho baadaye. Marejesho hayo huyapati mpaka mkataba uyataje: mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliwakatalia Marks & Spencer kurudishiwa kodi ya siku zilizofuata tarehe yao ya kujitoa. Soma pia kama kuna riba ya malipo yaliyochelewa zamani. Hata salio dogo la riba linaweza kuangusha notisi ikiwa kifungu kinataka kila deni lilipwe. Mwandikie mwenye jengo miezi miwili kabla, umwombe orodha ya kila anachodai, na utunze barua hiyo.

Kama kifungu kinataka uache mahali patupu, ondoka kabla ya usiku wa manane wa siku hiyo, wewe, mafundi wako na bidhaa zako. Mwaka 2011 kampuni ya NYK Logistics ilibakiza mafundi na mlinzi kwa siku chache tu ili kumalizia matengenezo, na Mahakama ya Rufaa ikasema haikuwa imekabidhi ghala.

Nafasi ikishapotea, au ikiwa mkataba hauna kifungu cha kujitoa, inabaki kuurudisha upangaji kwa makubaliano, yaani wewe na mwenye jengo mkubaliane kuumaliza mkataba kabla ya muda wake. Hapo mwenye jengo ana hiari, na kila kitu hutegemea anavyohitaji fremu ile. Mimi nilimpelekea mtu aliyetaka kuipanga, ndipo akashuka: pauni 12,000 na gharama za wakili wake, badala ya pauni 120,000 za miaka 5.

Usilipe kabla ya kusoma hati. Kurudisha upangaji kunazima kodi ya mbele, lakini madeni ya nyuma na uharibifu wa jengo hubaki palepale hadi hati iseme wazi kwamba unaachiliwa madai yote, yaliyopita na yajayo. Wakili wangu aliongeza maneno hayo, pamoja na mdhamini wangu kuachiliwa na amana yangu kurejeshwa ndani ya siku 14. Hati hiyo hutiwa saini mbele ya shahidi. Kumwachia mwenye jengo funguo mezani si kurudisha upangaji, kwani anaweza kusema alizihifadhi tu kwa usalama.

Siku hati ilipotiwa tarehe nilituma nakala halmashauri ya mji, kwa sababu kodi yao ya majengo ya biashara ilikuwa ingali inahesabiwa kwangu, fremu ikiwa imefungwa tangu Julai.