SOMO: Kutofautisha jongo na jongo bandia kwa hadubini ya kawaida

Goti limevimba, daktari amevuta maji na sindano imefika maabara. Swali lake ni moja: kuna fuwele za yureti, ambazo ni jongo, au za kalsiamu pairofosfeti, ambazo ni jongo bandia? Huku kwetu Mtwara na Lindi hadubini ya polaraiza ya kiwandani ni kitu cha kusikia, nami nilikaa miaka mingi nikiandika "fuwele hazijaonekana" wakati ukweli ni kwamba sikuwa na cha kuzionea. Somo hili ni la hadubini ile ile tunayosomea malaria.

1. Tafuta vichujio viwili. Kioo cha kikokotoo kina utando wa polaraiza juu yake. Mimi nilipata viwili kwenye vikokotoo vilivyokufa vya mnunuzi wa korosho, baada ya msimu. Bandua utando wa mbele, maana wa nyuma mara nyingi una rangi ya fedha na haupitishi mwanga, kisha futa gundi taratibu kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ukishika vipande viwili mbele ya dirisha na kuzungusha kimoja, lazima pafike mahali panakuwa giza. Pasipokuwa giza, huo si utando sahihi. Miwani ya sinema ya 3D itakusumbua tu, iache.

2. Vipachike. Kimoja kilale juu ya tundu la taa. Cha pili kiwe juu ya lenzi: legeza skrubu ya kichwa cha hadubini, kinyanyue, weka utando kwenye kiungo, rudisha kichwa. Sasa zungusha cha chini mpaka uwanja uwe mweusi kadiri inavyowezekana. Hapo kitu chochote kinachong'aa kimeupinda mwanga.

3. Tengeneza rangi. Kung'aa peke yake hakutoshi, kwa sababu hata uzi wa pamba unang'aa. Chukua slaidi safi, bandika selotepu ile inayong'aa (si ile yenye ukungu), tabaka juu ya tabaka, zote zikielekea upande mmoja. Iweke juu ya utando wa chini, imelala mshazari kati ya giza na giza. Kwa selotepu yangu tabaka mbili zilitosha kugeuza uwanja kuwa wa rangi ya zambarau iliyoelekea waridi. Yako huenda ikataka moja au tatu.

4. Chora mshale. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, halafu wanatoa majibu kinyume. Selotepu haijiandiki upande wake. Tafuta mgonjwa wa jongo la miaka mingi mwenye kinundu kilichopasuka, chukua punje ya ile chokaa nyeupe, iweke kwenye slaidi na tone la oili imesheni. Hizo ni sindano za yureti bila ubishi. Tazama sindano za manjano zimelala uelekeo gani, kisha chora mshale wa uelekeo huo kwenye slaidi ya selotepu. Slaidi ya chokaa itunze kavu, utaihitaji kila asubuhi kabla ya kazi.

5. Andaa sampuli. Slaidi na kava slipu zifutwe kwa spiriti na zikauke. Tone moja dogo, funika, usipake rangi yoyote. Kwa joto letu na feni juu ya kichwa, kingo hukauka kabla hujamaliza, kwa hiyo zungushia rangi ya kucha isiyo na rangi. Soma mapema, mimi sipitishi saa moja.

6. Soma. Anza na mwanga wa kawaida, lenzi ya 40, kondensa umeishusha. Fuwele za pairofosfeti nyingi hazing'ai kabisa kwenye polaraiza, au zinang'aa kwa aibu. Ukianzia gizani utazikosa. Tafuta vijiti vifupi vyenye ncha butu na vipande kama mkeka uliokatwa mshazari, hasa ndani ya seli nyeupe. Ndipo uweke vichujio. Yureti ni sindano ndefu kali, hung'aa sana: sambamba na mshale ni manjano, ikikingama ni buluu. Pairofosfeti ni kinyume, buluu ikiwa sambamba, na rangi yake hafifu. Jukwaa letu halizunguki, basi zungusha slaidi ya selotepu robo duara: fuwele ya kweli itabadili rangi papo hapo. Ukifanya hivyo kumbuka mshale nao umegeuka.

Mfano. Bibi wa miaka 76 kutoka Mikindani, goti la kulia limevimba ghafla siku ya tatu baada ya kulazwa kwa nimonia. Maji yalikuwa mililita 20, manjano yenye ukungu. Aliyenitangulia zamu alitazama gizani tu akaandika hakuna kitu. Nikashusha kondensa: ndani ya seli moja mna kijiti kifupi, pembeni yake seli nyingine ina kipande cha mshazari. Nikaweka selotepu, kile kijiti kilikuwa sambamba na mshale, kikawa buluu ya maji. Robo duara, kikawa manjano yaliyopauka. Nilipata vitano vya namna hiyo kabla ya kuandika jibu. Picha ya eksirei baadaye ilionyesha mstari mweupe wa chokaa ndani ya gegedu la goti. Rangi ya Gram haikuonyesha bakteria, na kuotesha hakukuotesha kitu.

---

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Sisi tunaletewa kwenye tyubu ya kijani. Ina shida?

Marahaba. Soma lebo. Ikiwa ni lithiamu heparini, yenyewe inaweza kutengeneza fuwele zinazong'aa na ukadanganyika. Sodiamu heparini haina neno. EDTA ya unga nayo ikatae. Kwangu napendelea tone litoke kwenye sindano moja kwa moja.

Mdau wa Nachingwea: Sampuli ikilala kwenye friji hadi kesho?

Ubaridi unaweza kuzalisha yureti ambayo haikuwepo, na pairofosfeti huyeyuka kadiri sampuli inavyokaa. Ikibidi, soma, lakini andika kwenye jibu kwamba ililala. Formalini usiweke kabisa, inayeyusha yureti.

Mdau wa Lindi mjini: Kaka, mbona tusipime tu asidi ya yuriki kwenye damu? Selotepu hizi mbwembwe.

Mbwembwe sawa, lakini katikati ya shambulio la jongo kipimo hicho kinaweza kurudi cha kawaida, na wapo wengi wenye asidi ya juu ambao hawajawahi kuumwa kidole. Damu haikuambii kilichomo gotini.

Mdau wa Newala: Nikishaona yureti ndani ya seli, bado nioteshe?

Otesha. Jongo na usaha hukaa goti moja. Fuwele hazimfukuzi bakteria, na daktari akimpa mgonjwa steroidi kwa jibu lako la fuwele tu, goti linaweza kuharibika ndani ya siku chache.

Mdau wa Masasi: La mwisho mwalimu. Jana nimeona vitu vinang'aa kama msalaba ndani ya duara, na vingine vidogo vidogo visivyo na umbo, vingi mno, manjano na buluu vimechanganyika.

Msalaba ni wanga wa glovu. Hivyo vingine, mpigie daktari umuulize kama goti lilichomwa sindano ya steroidi wiki zilizopita. Dawa ile ni fuwele, hukaa gotini muda mrefu, na inaweza kuonyesha rangi ya upande wowote.

Mdau wa Masasi: Nimepiga. Alichomwa mwezi uliopita, zahanati.