Mpangaji akifariki: jinsi ya kushughulikia mkataba, dipoziti na familia iliyobaki ndani

Naandika hii kwa sababu nimetoka kuhangaika nayo miezi minne na sitaki mwingine apitie. Shemeji yangu alifariki, nyumba walikuwa wamepanga, mkataba una jina lake peke yake, na dada yangu na watoto 2 ndio wamebaki ndani. Msiba tuliumaliza vizuri kabisa, ila nyumba ndio tulikosea, na tulikosea kitu kidogo tu, barua ya ukurasa mmoja ambayo hatukuiandika.

Anza kwa kuelewa hili maana kila kitu kinatoka hapa. Mpangaji akifa mkataba haufi naye siku hiyo hiyo. Watu wengi wanadhani mtu akishazikwa basi na upangaji umeisha, sio kweli. Sehemu nyingi mkataba unaingia kwenye mirathi kama mali nyingine na kama madeni mengine, na sehemu nyingine sheria inamrithisha moja kwa moja mke au mume aliyekuwa akiishi humo. Vyovyote iwavyo kodi inaendelea kuhesabika mpaka mtu mwenye haki aseme kwa maandishi kwamba nyumba inarudishwa. Na huohuo mkataba unaowabana ndio unaowalinda, kwa sababu mwenye nyumba naye hawezi kuamka asubuhi akaweka kufuli au kutoa vitu nje eti aliyeandikiana naye amefariki. Akitaka watoke atoe notisi, wakikataa aende mahakamani, kama ambavyo angefanya marehemu akiwa hai.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla hata ya kufikiria dipoziti, tafuta mkataba. Tafuta wenyewe uliosainiwa, usikubali kuambiwa tu umeandikwa nini. Soma vitu vitatu. Jina au majina ya wapangaji, kwa sababu kama mke na mume wote wamesaini basi aliyebaki bado ni mpangaji kamili na nusu ya huu mwongozo haimhusu. Halafu mkataba unaisha lini, na mwisho notisi ni ya muda gani. Wa shemeji ulikuwa wa miezi 12, alifariki mwezi wa 8 kwenye tarehe za mwanzo, kodi ya mwezi huo alishalipa, notisi mwezi 1 kwa upande wowote, na dipoziti ni kodi ya miezi 2. Shika hizo namba, nitazirudia.

Cheti cha kifo sielezi, kila familia inajua pa kuanzia, ila toa nakala nyingi kuliko unavyodhani na ile halisi usimwachie mtu yeyote hata akisema ataifotokopi tu akurudishie.

Sasa barua. Hapa ndipo tulipoumia kwa hiyo nakaa kidogo. Baada ya kuzika dada aliamua kurudi kwa wazazi, akasema hawezi kulala tena kwenye kile chumba. Tukampigia mwenye nyumba, akatupa pole, akasema hamna shida chukueni muda wenu. Tukahamisha vitu mwisho wa mwezi wa 8, tukafagia, tukafunga, funguo tukamwachia mlinzi getini, tukaondoka tukijua tumemaliza. Hakuna karatasi hata moja. Wiki tatu baadaye dada anauliza dipoziti anajibiwa kwamba haipo, imeliwa na kodi ya mwezi wa 9 na wa 10 kwa sababu hakuna notisi iliyotolewa na nyumba rasmi bado iko kwa marehemu.

Iliniuma sana ila nilipokaa na mkataba nikaona kwa mwezi wa 9 mwenye nyumba ana hoja. Simu sio notisi, pole sio risiti. Tungeandika barua tarehe 10 ya mwezi wa 8, siku ileile dada alipoamua, notisi ingeisha tarehe 10 ya mwezi wa 9 na tungedaiwa siku 10 tu.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja nyumba, jina la mpangaji na tarehe aliyofariki, ambatisha nakala ya cheti au kibali cha mazishi kama cheti bado, sema unatoa notisi kwa mujibu wa mkataba kuanzia leo na funguo zitarudishwa tarehe fulani, omba tarehe ya kukagua nyumba pamoja, na omba dipoziti isilipwe kwa mtu yeyote mpaka msimamizi wa mirathi ajulikane. Kama msimamizi bado hajateuliwa andika hivyohivyo, kwamba unaandika kwa niaba ya familia na msimamizi ataithibitisha, maana kuna wenye nyumba wanakuja kudai baadaye kwamba aliyesaini hakuwa na mamlaka. Toa nakala 2, moja asaini kwamba amepokea na aandike tarehe. Akikataa kusaini tuma picha ya barua kwa meseji na kwa barua pepe, ili tarehe ibaki mahali isipofutika.

Lile ombi la kuzuia dipoziti usilione dogo. Sisi kaka wa marehemu alishapita kwa mwenye nyumba kuulizia, na sidhani alikuwa na nia mbaya, ila angepewa ingekuwa vita ndani ya ukoo. Dipoziti ni pesa ya marehemu iliyoshikwa na mtu mwingine, kwa hiyo akishafariki ni sehemu ya mirathi, sio ya mjane peke yake, sio ya kaka, na sio ya mwenye nyumba. Inagawanywa na mali nyingine. Ila angalia kwanza nani aliitoa. Kama ililipwa na mwajiri wake inarudi kwa mwajiri. Kama ilitoka kwenye akaunti ya mke, mke ana hoja ya kusema ni yake, ndio maana nasema tafuta stetimenti au meseji ya muamala wa siku ile.

Dada alipoenda mwenyewe aliambiwa, "Dada yangu, mimi niliandikiana na mumeo, wewe kwenye karatasi haupo." Na hapo alikuwa sahihi, hata kama lilikuwa neno gumu kwa mtu aliyefiwa. Anayelipwa ni mwenye hati, yaani aliyetajwa kwenye wasia na kuthibitishwa, au msimamizi aliyeteuliwa. Hiyo inachukua muda, kuna matangazo, kuna kusubiri pingamizi, kwa hiyo ombi la usimamizi lianzishwe mapema hata kama marehemu hakuacha mali nyingi. Uliza pia pale unapofungua kama kuna njia fupi ya mirathi midogo, sehemu nyingi ipo na watu hawaambiwi wasipouliza. Na kwenye orodha ya mali andika dipoziti kwa jina lake, kiasi na anayeishikilia. Sisi tuliisahau, tukaandika fenicha na akaunti tu, ikabidi kurudi kurekebisha orodha.

Kama familia inataka kubaki, mambo yanabadilika kidogo. Wasiondoke, walipe kodi kwa tarehe, na walipe kwa jina la aliyebaki na si kwa simu ya marehemu. Najua namba ya siri mnaijua wote, ila kutoa pesa kwenye laini au akaunti ya mtu aliyefariki kunaweza kugeuzwa kuwa kosa, halafu risiti itasomeka marehemu kalipa jambo ambalo halimsaidii mjane hata kidogo. Lipa kwako, dai risiti yenye jina lako. Risiti za mwenye nyumba kupokea kodi kutoka kwa mjane mwezi baada ya mwezi ni ushahidi mzuri kwamba amemkubali kama mpangaji. Kwa anayetaka kuhama hiyohiyo inaweza kumfunga, kwa hiyo yeye kwenye malipo aandike "kwa niaba ya mirathi ya marehemu".

Mwenye nyumba atakuja na mkataba mpya ili aliyebaki asaini. Usisaini haraka. Mkataba mpya mara nyingi unakuja na kodi mpya na dipoziti mpya, huku ile ya zamani imebaki hewani. Omba kiambatisho cha kubadilisha jina kwenye mkataba uleule, kodi ileile mpaka muda uishe, na kiandike wazi kwamba dipoziti iliyopo inaendelea kushikwa kwa ajili ya nyumba hiyo kwa ridhaa ya msimamizi. Kitu kingine cha kukwepa ni karatasi ya kukubali malimbikizo. Deni la kodi la marehemu kwa kawaida linalipwa na mali aliyoacha, ila mjane akisaini "nitalipa mimi" limeshakuwa lake, na kama kuna mdhamini alisaini mkataba mwambieni mapema kwa sababu yeye anaweza kufuatwa.

Kama mnahama, siku ya kurudisha funguo mkague pamoja chumba kwa chumba. Piga picha kuta, sakafu, sinki, milango, na mita za umeme na maji namba zionekane. Msimamizi au mwanafamilia mmoja asaini, mwenye nyumba asaini, na iandikwe funguo ngapi zimepokelewa. Sisi kwa kuwa hatukukagua tuliletewa na gharama ya rangi. Bahati dada alikuwa na picha ya mtoto wake mdogo siku wanahamia miaka mitatu nyuma, amesimama sebuleni, na nyuma yake ukuta ulishafifia na una alama ya msumari ileile. Rangi ikatoka kwenye hesabu. Uchakavu wa kawaida haukatwi kwenye dipoziti, kinachokatwa ni kodi inayodaiwa, bili, na uharibifu wa kweli wenye risiti ya fundi.

Mwezi wa 10 tuliukomboa hivi. Jirani alimtumia dada picha ya dirisha la sebule lina mapazia mapya, kumbe mpangaji mwingine alishaingia tarehe 1. Nikamwandikia mwenye nyumba kwa heshima, "Mzee, nyumba moja haiwezi kulipiwa kodi na watu wawili mwezi mmoja," nikaambatisha picha na mchanganuo: dipoziti miezi 2, toa mwezi wa 9 ambao nyumba ilikaa tupu bila notisi, rangi sifuri, baki mwezi 1. Hakujibu wiki mbili. Barua ya pili niliweka siku 14 na nikataja kwamba baada ya hapo msimamizi atafungua madai madogo mahakamani. Alilipa siku ya 11, kwa jina la msimamizi.

Alipolipa alileta karatasi imeandikwa "nimepokea malipo yote na sina dai lolote", anataka isainiwe kabla ya pesa kuingia. Msimamizi alisubiri muamala uonekane kwanza, halafu akaandika kwa mkono kiasi, tarehe, na kwamba ni marejesho ya dipoziti ya nyumba hiyo tu, ndipo akasaini.