Mwalimu mpya chuoni, dakika zako za kwanza na fest yia

Kama umeajiriwa juzi na unaingia darasani na fest yia hapa Mwanza, usianze na sivii. Habari za masta ulisoma wapi hazimsaidii mtoto aliyeshuka Nyegezi na begi wiki iliyopita na bado anatafuta geto. Andika jina ubaoni, sema wakuiteje (usipowaambia watakuita tu "ticha" au "sir" kama sekondari), ofisi iko wapi na unapatikana saa ngapi, basi, dakika mbili zimetosha.

Halafu nenda kwenye kozi weki, hapo ndo wanaamka. Vyuo vingi ni 40 kozi weki na 60 yui, lakini cheki ya chuo chako kwanza. Wapigie hesabu ubaoni kabisa: ukipata 14 kwenye ile 40, na kama pasi ya chuo chako ni 50, unatakiwa upate 36 kati ya 60 kwenye yui. Utaona wanaanza kuandika.

Kingine, waambie wazi hudikteti notsi, maana fomu siksi wengine walizoea kuandikishwa, wakikuona unaongea tu watakaa mikono kifuani wakisubiri. Mimi huwa nasema, "Jamani, ninachoongea ndo notsi, andika unavyoelewa, na swali uliza hata kwa Kiswahili." Alafu uliza swali jepesi palepale na usubiri kimya, usijijibu mwenyewe. Ukijijibu siku ya kwanza hawatanyoosha mkono semista nzima. Namba ya simu mpe siiaa peke yake.